Mwezi mmoja wa majaribio wenye malipo au miezi sita ya matazamio: umpendekezee mwajiri lipi?

Umefaulu usaili na mshahara mmeshauzungumza. Kisha barua ya ajira inakuja na kifungu kinachosema utakuwa kwenye kipindi cha matazamio kwa miezi sita, kwa mshahara pungufu, na kwamba menejimenti inaweza kuongeza muda huo kadiri itakavyoona inafaa. Wengi husaini hapo hapo. Wachache hurudi na ombi: nipe mwezi mmoja, unilipe mshahara unaokaribia ule wa kawaida, tukubaliane mapema nitakachofanya, na mwezi ukiisha uamue.

Nimefanya kazi upande wa rasilimali watu, nikaona maombi ya namna hii yakimsaidia aliyeyaleta, na pia yakimgeukia. Tofauti haikuwa sana kwenye urefu wa muda. Ilikuwa kwenye swali moja: je, kuna tarehe ambayo mwajiri analazimika kusema ndiyo au hapana? Ukipata mwezi mmoja usio na tarehe hiyo, umebadilisha jina tu. Ukiwa nayo, hata miezi mitatu inaweza kuwa mizuri.

Ulinganisho huu ni wa Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005. Kenya nitaigusa mbele kidogo kwa sababu hesabu yake ya notisi ni tofauti.

Matazamio yalivyo hasa

Watu wengi, wakiwemo mabosi, huamini kwamba mtu aliye kwenye matazamio anaweza kuambiwa kesho usije. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) hazisemi hivyo. Zinataka muda wa matazamio uwe wa kuridhisha na usizidi miezi 12, kwa kuangalia aina ya kazi na desturi ya sekta husika. Zinamtaka mwajiri akupime, akae nawe mara kwa mara kujadili tathmini, na akiona una upungufu akueleze, akusikilize na akupe muda wa kujirekebisha kabla ya kukuachisha. Una haki hata ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika mazungumzo hayo.

Kwenye karatasi, basi, matazamio si mabaya. Kinachoyaharibu ni kwamba tathmini hizo hazifanyiki. Mwezi wa kwanza bosi yuko safarini, wa pili kuna wakaguzi, wa tatu hakuna anayekumbuka. Miezi sita inakatika, hakuna barua ya kukuthibitisha wala ya kukuachisha, na wewe unaendelea kupokea mshahara pungufu huku ukijipa moyo kwamba kimya ni ishara nzuri.

Kisheria kimya hicho hakikupi chochote. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Madai Na. 61 ya 2016 iliyohusu mfanyakazi wa benki, ilieleza kwamba kupita kwa muda wa matazamio peke yake hakumfanyi mtu kuwa amethibitishwa. Maana yake unaweza kufika mwezi wa tisa ukiwa bado mtu wa matazamio, bila kupewa sababu. Na bila barua ya kuthibitishwa, ofisi nyingi hazikuweki kwenye bima ya afya ya wafanyakazi, na benki ikitaka barua hiyo kwa ajili ya mkopo huna cha kupeleka.

Mwezi wa majaribio unabadilisha nini, na haubadilishi nini

Kwanza kile usichobadilisha, maana hapa ndipo watu hujidanganya. Kifungu cha 35 cha sheria kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mfanyakazi aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi sita, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Hakitaji kuthibitishwa. Ukithibitishwa siku ya 31, bado una miezi mitano mbele yako kabla ulinzi huo haujakufikia. Likizo za malipo ni hivyo hivyo: sheria inazitoa kuanzia miezi sita ya utumishi, isipokuwa mkataba wako ukupe mapema zaidi. Kwa hiyo usiingie kwenye mwezi wa majaribio ukidhani umenunua usalama wa ajira.

Unachopata ni vitu vitatu: mshahara kamili mapema, jibu kwa tarehe inayojulikana, na vigezo vilivyoandikwa. Cha tatu kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kigezo kilichoandikwa kinamzuia bosi kusema mwishoni kwamba hakuridhika tu.

Kuna jambo jingine ambalo sheria yenyewe imelipanga vizuri kwa mwezi mmoja. Kifungu cha 41 kinasema notisi ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira isipungue siku saba. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, isipungue siku 28. Wewe na mwajiri mkitaka kuachana kwa urahisi, dirisha ni mwezi wa kwanza. Bosi anayeona miezi sita ya matazamio inampa wepesi wa kumtoa mtu hajui kwamba wepesi huo unaisha siku ya 30.

| | Mwezi mmoja wenye malipo | Miezi sita ya matazamio |
|---|---|---|
| Mshahara | Karibu na kamili, kisha kamili kuanzia mwezi wa pili | Pungufu mpaka barua ya kuthibitishwa |
| Notisi | Siku 7 ukiachwa ndani ya mwezi huo | Siku 28 kuanzia mwezi wa pili |
| Jibu | Tarehe imeandikwa | Mara nyingi halina tarehe |
| Ulinzi wa kifungu cha 35 | Bado, mpaka miezi sita | Bado, mpaka miezi sita |
| Nafasi ya kusahihisha kosa | Ndogo sana | Ipo, kama tathmini zinafanyika |

Mstari wa mwisho usiupite haraka. Ukikosea wiki ya kwanza kwenye matazamio marefu, una miezi mitano ya kusahaulisha. Kwenye mwezi mmoja, kosa la wiki ya kwanza ni robo nzima ya majaribio yako.

Kesi ya mhasibu

Tumchukue mhasibu anayeomba kazi kwa msambazaji wa vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Ana uzoefu wa miaka minne. Ofa ni shilingi 800,000 kwa miezi sita ya matazamio, kisha 1,100,000 akithibitishwa. Yeye anataka kupendekeza mwezi mmoja kwa 950,000, na 1,100,000 kuanzia mwezi wa pili.

Kwa upande wake, miezi sita ya ofa ya awali inampa 4,800,000. Pendekezo lake linampa 950,000 na kisha 5,500,000, jumla 6,450,000. Tofauti ni 1,650,000 kabla ya makato, na michango ya NSSF nayo inahesabiwa kwenye mshahara mkubwa. Matazamio yakiongezwa miezi mitatu kimya kimya, anapoteza 900,000 nyingine.

Hesabu hiyo ni ya kwake nyumbani. Asiipeleke kwa bosi, kwa sababu bosi ataona tu kwamba anadaiwa 1,650,000 zaidi. Hesabu ya kumpelekea ni ya mhasibu asiyefaa. Katika utaratibu wa kawaida, udhaifu wa mhasibu hugundulika mwezi wa tatu au wa nne, ritani zikiwa zimeshachelewa. Hapo mwajiri ameshalipa mishahara minne, yaani 3,200,000, ana notisi ya siku 28 ya kulipia, na ana adhabu za TRA zinazomsubiri. Kwa mwezi wa majaribio anajua kabla ya mwezi kwisha, na amelipa 950,000. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Kazi ya uhasibu inafaa kwa jambo hili kwa sababu mzunguko wake ni wa mwezi. PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, ya mwezi uliopita inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7. Ritani ya VAT inatakiwa ifikapo tarehe 20. Akianza kazi tarehe 1, vipimo viwili ambavyo si vya bosi wala vyake vinakuja vyenyewe. Mimi ningevipanga hivi.

Tarehe 7, PAYE imewasilishwa na namba ya malipo ipo. Tarehe 15, daftari la fedha limelinganishwa na taarifa ya benki na ya lipa namba kwa mwezi uliopita, na kila tofauti imeandikiwa sababu. Siku hiyo hiyo wanakaa nusu saa, mhasibu na bosi, kuangalia kilichofanyika, na wanasaini karatasi ya ukurasa mmoja. Tarehe 20, ritani ya VAT imeingia, na mauzo yaliyomo yanakubaliana na ripoti za Z, yaani muhtasari wa mauzo ya kila siku unaotoka kwenye mashine ya risiti ya EFD. Tarehe 22, bosi anapewa orodha ya wadaiwa iliyogawanywa kwa umri wa deni: siku 30, siku 60, siku 90 na zaidi.

Tarehe 23 ni ya uamuzi. Kwa nini 23 na si 30? Kwa sababu ya zile siku saba. Jibu likiwa hapana na barua ikatolewa tarehe 23, notisi inaisha mwezi ukiisha na kila mtu anashika njia yake akiwa amelipwa. Likitolewa baada ya mwezi wa kwanza kukatika, ni siku 28. Ukimwekea bosi tarehe inayomwokolea pesa, ataikumbuka.

Vipimo vinavyomtegemea mwajiri

Nimeona mwezi wa majaribio ukifeli bila mhusika kufanya kosa lolote la kazi. Mhasibu anaanza tarehe 1, nywila ya mfumo wa TRA iko kwa mhasibu aliyeondoka, taarifa ya benki lazima aiombe mkurugenzi mwenyewe na yuko Guangzhou kununua mzigo, na ripoti za Z zimejaa kwenye boksi chini ya kaunta, nyingine zimefifia hazisomeki. Kufika tarehe 15 hana cha kuonyesha. Bosi anakumbuka jambo moja tu: alimwahidi na hakufanya.

Ndiyo maana kila kipimo kiandikiwe kinachotakiwa kutoka kwa mwajiri na siku yake. Kwa mfano: taarifa za benki na za lipa namba za miezi mitatu, pamoja na nywila za mifumo, zikabidhiwe kabla ya siku ya tatu ya kazi. Zikichelewa, tarehe ya kipimo husika inasogea kwa idadi hiyo hiyo ya siku. Sentensi hiyo moja ndiyo inayotenganisha majaribio ya haki na mtego.

Inakusaidia pia kumsoma mwajiri. Anayekataa kuandika kwamba atakupa taarifa ya benki siku ya tatu anakueleza kitu kuhusu namna atakavyofanya kazi nawe miaka yote.

Mwezi huo uandikwe kwa mkataba gani

Hapa ndipo pendekezo zuri huharibikia. Bosi anakubali, anamwambia katibu aandae mkataba wa mwezi mmoja, na kila mtu anafurahi. Lakini Kanuni za mwaka 2017 (Tangazo la Serikali Na. 47) ziliweka kwamba mkataba wa muda maalumu wa wataalamu usiwe wa chini ya miezi 12. Mkataba wa siku 30 kwa mhasibu unaanza ukiwa na ubishi ndani yake, na ubishi huo ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hakuna atakayeufurahia, hata wewe uliyeshinda.

Njia safi ni kutotenganisha mwezi huo na ajira. Muombe mkataba wa kawaida, wa muda usiotajwa, wenye kifungu cha matazamio ya mwezi mmoja ndani yake. Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kuweka miezi sita. Desturi ndiyo imeizoesha. Hivyo siku zako zinahesabika tangu tarehe 1, mchango wa NSSF unaanza mwezi huo huo, na ukiumia ghalani uko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama wenzako.

Njia ambayo ningeikwepa ni ile ya kuambiwa lete ankara. Bosi anakulipa kama mtoa huduma, anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, na huko kwingine hakuna NSSF wala chochote. Inaonekana nyepesi, na kwa mwezi mmoja hela mkononi inaweza kuwa nyingi kidogo. Lakini ukishaajiriwa mwezi wa pili, ataweza kudai utumishi wako ulianza mwezi huo wa pili, na ile miezi sita ya kifungu cha 35 inaanza upya. Unaweza kupinga, kwa sababu Sheria ya Taasisi za Kazi inamhesabu kuwa mfanyakazi mtu anayesimamiwa namna ya kufanya kazi na saa zake, hata mkataba ukimwita jina jingine. Ila kwa nini ujiwekee kesi ambayo ungeweza kuizuia kwa aya moja?

Kazi ikiwa ni kipande kimoja chenye mwisho wake, kwa mfano kupanga hesabu za mwaka uliopita ili zikaguliwe, hapo mkataba wa kazi maalumu ni halali na unafaa. Mbunifu wa tovuti au mhariri wa video anaweza kuutumia vizuri. Mhasibu wa kila siku haufai.

Kimya baada ya tarehe 23

Kwa kuwa mahakama imeshasema kimya hakikuthibitishi, ni lazima mkataba wenyewe useme vinginevyo. Maneno yanaweza kuwa mafupi: "Iwapo mwajiri hatatoa barua ya uamuzi kufikia tarehe 23, mfanyakazi atahesabiwa kuwa amethibitishwa kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaofuata, kwa mshahara wa shilingi 1,100,000." Hapo kuthibitishwa hakutokani na kupita kwa siku. Kunatokana na makubaliano yenu wawili, yaliyosainiwa.

Ukibanwa ukaambiwa uchague kimoja kati ya kifungu hiki na mshahara wa 950,000, chukua kifungu, hata kama mwezi huo utalipwa 800,000. Unapoteza 150,000 mara moja. Bila kifungu unaweza kupoteza 300,000 kila mwezi kwa muda ambao hakuna anayeujua.

Namna ya kulisema

Mkono wa kwanza wa ombi hili ni mdomo, barua inafuata. Wakati wake ni baada ya ofa na kabla ya saini. Ukilileta kwenye usaili wa kwanza unaonekana una masharti kabla hujatakiwa. Ukilileta baada ya kusaini, umechelewa. Mazungumzo yenyewe kwa duka la familia huenda hivi:

"Binti, hapa kwetu ni miezi sita. Kila mtu amepita humo."

"Nimekuelewa, mzee, na sikatai kupimwa. Naomba nipimwe haraka zaidi. Mwezi mmoja, PAYE na VAT zikiwa ndani yake. Tarehe 23 unaniambia baki au nenda. Ukisema nenda, naondoka kwa notisi ya siku saba na hujaingia gharama ya miezi sita."

"Na ukiharibu?"

"Nikiharibu utaona tarehe 7 na tarehe 20, si mwezi wa tano."

Angalia asichosema. Hakusema miezi sita ni ya uonevu, wala hakulinganisha na kampuni nyingine. Mzee mwenye duka alilolijenga mwenyewe hapendi kusikia utaratibu wake ni mbovu, na kwa kweli hakuna haja ya kumwambia.

Kwenye kampuni kubwa mambo ni tofauti. Afisa rasilimali watu ana kanuni za utumishi zilizopitishwa na bodi, na hawezi kumpa mtu mmoja matazamio ya mwezi bila wengine kuuliza. Huko usiombe mwezi mmoja. Omba mambo mawili tu: miezi mitatu badala ya sita, na tarehe ya tathmini iandikwe kwenye barua. Tathmini ya mara kwa mara ipo tayari kwenye kanuni za 2007, kwa hiyo unaomba kilicho tayari wajibu wao kukifanya, na afisa mwenye nia njema anaweza kukikubali bila kwenda bodi.

Nani aache miezi sita ibaki

Muuzaji wa jumla anayewakopesha wateja kwa siku 60 asikubali kupimwa kwa mwezi mmoja. Mauzo yake ya mwezi wa kwanza ni ahadi tu, fedha bado hazijaingia, na bosi makini hawezi kumhukumu kwa karatasi. Akikubali, atapimwa kwa kitu kingine, kwa kawaida bidii ya kutembea au mdomo mtamu, na hivyo si vipimo alivyovitaka. Kwake miezi mitatu ndiyo ya chini kabisa inayoleta maana. Bwana shamba anayesimamia wakulima wa mkataba anahitaji msimu mzima. Mwalimu anahitaji muhula. Kanuni ninayoitumia ni kuuliza matokeo ya kazi hii huonekana baada ya muda gani, na muda wa majaribio usiwe mfupi kuliko huo.

Mtu mwenye kazi sasa hivi naye afikiri mara mbili. Ili aanze huko lazima aage huku, kwa notisi ya siku 28 kama analipwa kwa mwezi, na mwezi wa majaribio ukishindikana hana pa kurudi. Wapo wanaochukua likizo ya mwaka ili wajaribiwe kwingine kimya kimya. Siwashauri. Mikataba mingi inakataza, na Dar es Salaam ya wafanyabiashara ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mwenye kazi aombe matazamio ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwezi mmoja awaachie wasio na cha kupoteza.

Na kuna waajiri ambao hupaswi kuwapendekezea kabisa. Kuna ofisi zinazokula mwezi wa mtu mmoja, kisha wa mwingine: hesabu za mwaka zinafungwa na watu watatu, kila mmoja siku 30, na hakuna anayebaki. Utawajua kwa kuuliza maswali mawili ya kawaida kwenye usaili: nani alikuwa kwenye nafasi hii kabla, na aliondoka lini? Ukisikia watu watatu ndani ya mwaka mmoja, au jibu likakwepwa, hapo matazamio marefu ndiyo kinga yako, kwa sababu kila mwezi unaopita unakusogeza kwenye ile miezi sita, na notisi yako tayari ni siku 28.

Ukiwa Kenya

Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaweka matazamio yasiyozidi miezi sita, na kuyaongeza kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi, jumla isipite miezi 12. Tofauti kubwa ni notisi: ndani ya matazamio yote, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba au malipo ya siku saba. Kwa hiyo Nairobi kufupisha matazamio kuna faida ambayo Dar haipo, kwa sababu kila mwezi unaoupunguza unakupunguzia mwezi mmoja wa kuishi kwa notisi ya siku saba. Upande wa pili, mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba aliye kwenye matazamio naye ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa, na hilo limepunguza ukali wa miezi sita.

Barua yenyewe

Mkishakubaliana kwa mdomo, tuma barua pepe siku hiyo hiyo kabla kumbukumbu hazijaachana. Inatosha kuwa hivi:

"Ndugu Mkurugenzi, nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyokubaliana, nitaanza kazi tarehe 1 kwa mkataba wa ajira wa muda usiotajwa, wenye matazamio ya mwezi mmoja kwa mshahara wa shilingi 950,000. Vipimo ni vinne, vimeambatanishwa pamoja na tarehe zake na nyaraka ninazozihitaji kutoka ofisini. Tutakaa tarehe 15 kwa tathmini ya kwanza, na uamuzi utatolewa kwa barua kufikia tarehe 23. Uamuzi usipotolewa kufikia tarehe hiyo, nitahesabiwa nimethibitishwa kwa mshahara wa shilingi 1,100,000. Naomba haya yaingizwe kwenye mkataba kabla ya kusaini."

Akijibu "sawa" na mkataba ukaja bila kifungu cha tarehe 23, urudishe ukiwa umeonyesha aya inayokosekana, na usianze kazi mpaka iingie. Mwajiri aliyesahau ataiongeza siku hiyo hiyo. Akisema tutaiongeza baadaye, rudi kwenye ofa yake ya kwanza na uombe jambo moja tu, kwamba maneno "itakavyoona inafaa" yafutwe na mahali pake paandikwe tarehe ya mwisho ya matazamio.